Halafu Chuma

Mwalimu Rogath alikuwa anafundisha tuisheni juu ya duka langu, ghorofa ya pili, chumba kisicho na feni. Mtaa wetu huu wa Kariakoo unajua kila kitu kinachouzwa duniani, lakini kitu alichokuwa anauza yeye hakikuwa na mfano: alikuwa anauza sentensi. Ukisahau kitu cha sayansi, yeye anakutungia sentensi, kila neno linaanza na herufi ya kile unachokisahau, na ukishaikariri basi, mpaka unazeeka.

Mimi naitwa Trupti. Duka ni la steshenari, la marehemu baba yangu Vasant. Naandika barua, natoa kopi, najaza fomu za watu. Biolojia sijasoma zaidi ya kidato cha pili, na kemia ndiyo usiniulize kabisa. Lakini mpaka leo ukiniamsha usingizini nitakutajia makundi ya viumbe hai, kuanzia kubwa mpaka dogo, Kingdom, Phylum, Class, Order, Family, Genus, Species, kwa sababu ya sauti za watoto kwenye ngazi: "Kila Pasaka, Celina, oga fasta, gari safarini!" Celina ni mke wake. Mama wa watu akipita mtaani watoto wanamwuliza kama ameshaoga.

Kwa wale wadogo wa darasa la saba alikuwa na sayari. Hapo hakutumia herufi za mwanzo. Aliniambia herufi za mwanzo kwa Kiswahili ni mtego mtupu, maana Zebaki, Zuhura na Zohali zote ni Z, na Mirihi na Mshtarii zote ni M. Mtoto akishika herufi tu, atampeleka Zohali mahali pa Zuhura na hatajua amekosea wapi. Basi akawafundisha silabi, wanapiga na makofi: "Ze, Zu, Du! Mi, Msh, Zo! U, Ne!" Du ni Dunia, na mwisho Uranus na Neptuni. Wateja wangu walikuwa wanasimama kusikiliza. Angenieleza na mtego wa metali siku ile ile, haya yote yasingetokea. Lakini hakunieleza, na mimi sikuuliza.

Sasa nijiseme na mimi, maana bila hilo hutaelewa. Nimezaliwa hapa hapa, Dar es Salaam, na baba yangu kazaliwa hapa hapa. Lakini tangu shule ya msingi nikifungua mdomo kuna mtu anacheka: "Muhindi na Kiswahili wapi na wapi!" Basi nikaapa. Nikasoma kamusi kama wengine wanavyosoma magazeti. Leo hakuna barua inayotoka duka langu na Kiswahili kibovu. Ukiniletea "naomba unipe ruhusa ya kuomba ruhusa" nakukatia hapo hapo, na kama hutaki nenda duka la jirani. Hasira ninayo, sikatai, na kimbelembele pia ninacho.

Mwaka juzi Mwalimu alikuwa na darasa la watu wazima, watahiniwa wa kujitegemea, wale wanaorudia kidato cha nne. Walikuwa kama thelathini. Mmoja wao ni Severa. Huyu alikuwa na miaka thelathini na minne, mhudumu wa zahanati kule Buguruni, anafua mashuka, anasukuma wagonjwa, anamwaga mabeseni. Alitaka uuguzi. Chuo kilishamwambia: lete D ya kemia, hayo mengine unayo. Alishakaa mtihani wa kemia mara mbili na mara mbili akapata F. Aliniambia hapa kwenye kaunta, bila kulia, kwamba hii ni mara yake ya mwisho, kwa sababu mume wake amesema hawezi kuendelea kulea watoto peke yake jioni kwa ajili ya mtu anayefeli. Kila mtu darasani alijua Severa anaitafuta D hiyo.

Na kilichokuwa kinamwangusha ni ile orodha ya metali. Metali zinapangwa kwa ukali wake, kuanzia inayowaka ikigusa maji mpaka ile isiyojali chochote. Ukiijua orodha, unajua ipi itatoa gesi kwenye asidi na ipi itakaa kimya, ipi itamfukuza mwenzake na ipi itafukuzwa. Usipoijua, swali zima linakwenda na maji. Mwalimu alikuwa na sentensi ya Kiingereza kwa hilo, ya miaka mingi, lakini watu wazima wake Kiingereza chenyewe kilikuwa kinawatoka puani. Basi siku kumi hivi kabla ya mtihani akashuka na karatasi ameiandika kwa mkono.

"Dada Trupti, nimetunga mpya, ya Kiswahili. Chapa, toa kopi thelathini, waje kuchukua kwako. Mimi naenda Rombo, kaka yangu amefariki."

Nikampa pole. Akaondoka na begi lake, na mimi nikakaa kuchapa. Karatasi ilikuwa na sentensi hii:

"Kaka Naftali, chagua mgomba, Alfani, zoa, Felista, panda, halafu chukua Agosti, aunti."

Chini yake hakuandika maelezo, maana kusoma alama ya metali mwanzoni mwa kila neno walishajifunza darasani. Mimi nikaisoma, nikacheka kwa dharau. Mazao unayachukua? Unachukua mzigo, unachukua mtoto shuleni. Mazao yanachumwa! Mtu amepanda, amesubiri mpaka Agosti, halafu "anachukua"? Nikaangalia herufi: chukua, chuma, zote zinaanza na C, H, U. Basi hakuna kilichoharibika. Nikafuta, nikaandika "halafu chuma Agosti, aunti." Nikaisoma kwa sauti, ikatiririka vizuri. Nikatoa kopi thelathini na nikajisifu moyoni.

Wakaja wakachukua. Kwa siku tisa Severa akawa anapita asubuhi akienda kazini, anaikariri kama dua. Siku ya mtihani wa kemia alipita saa kumi na mbili na nusu, nimefungua tu, amekuja kununua kalamu ya pili ya akiba. Amevaa gauni lake la kanisani. Alihesabu hela mara mbili.

"Shikamoo dada Trupti."

"Marahaba. Umeshika sentensi?"

"Nimeishika. Mwaka huu hainiponyoki." Akaimba yote mpaka mwisho bila kusita, akakazia "halafu chuma" kama anapigilia msumari. Nikampiga bega nikamwambia Mungu yupo. Akapanda bodaboda kwenda Ilala, kwenye shule waliyopangiwa.

Saa moja kasoro kumi Mwalimu akaingia dukani, kashuka basi la Rombo alfajiri, macho mekundu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaomba chai. Nikamimina. Kulikuwa na kopi mbili zimebaki kwenye kaunta, akavuta moja akawa anaisoma huku anapuliza kikombe. Kisha akaacha kupuliza.

"Nani ameandika chuma?"

Sauti ilikuwa ndogo sana. Nilidhani anauliza tu. Nikamjibu kwa majivuno kabisa, "Mimi, Mwalimu. Mazao hayachukuliwi, yanachumwa. Herufi ni zile zile."

Akaweka kikombe chini. Chai ikamwagika kwenye fomu za watu. "Dada Trupti," akasema, "chuma ni nini?"

"Kuchuma. Chuma ua, chuma embe."

"Chuma ni nini kingine?"

Jamani. Nilielewa kabla hajaendelea, ila yeye akaendelea, haraka haraka, kama anajieleza polisi. Neno lile lilikuwa limekalia nafasi ya shaba, Cu. Chuma chenyewe, Fe, kilikuwa kwa Felista, juu ya "halafu", na "halafu" ni H, haidrojeni, ndiyo mpaka: metali za juu yake zinatoa gesi kwenye asidi, za chini hazitoi. Sasa mtu amejaa woga, anasoma "halafu chuma", ataona nini? Ataona chuma kipo chini ya haidrojeni. Atasema msumari hautoi gesi. Shaba itampotea kabisa. Na Felista atamfanya nani?

"F," akasema Mwalimu, "F atamfanya fedha! Fedha itakaa juu na chuma chini. Kila kitu miguu juu! Miaka ishirini na sita natunga sentensi, na kanuni yangu ni moja tu: sentensi ya metali haiwekwi jina la metali. Sikuandika chuma, sikuandika shaba, sikuandika risasi. Niliandika chukua makusudi!"

Nilimkumbuka Severa alivyokazia neno lile. Nikavuta shata la duka, sikufunga hata kufuli. Simu za watahiniwa wote zilikuwa zimeachwa nyumbani, ndiyo sheria. Tukapanda bajaji. Namwambia dereva kimbiza, kimbiza, na yeye anasema sista, barabara imejaa, niruke juu? Nilikuwa namtukana kwa Kigujarati na kumwomba radhi kwa Kiswahili. Mwalimu alikuwa ameshika ile kopi mapajani na midomo inacheza, anarudia sentensi, nadhani alikuwa anajaribu kuisikia kwa masikio ya mtu mwenye hofu.

Tulifika saa moja na dakika thelathini na tano. Geti limefungwa. Askari mwenye bunduki amesimama kwa ndani. Kupitia nondo niliwaona watahiniwa wamepanga mstari chini ya ukuta, wanakaguliwa mmoja mmoja mifukoni. Severa alikuwa wa sita au wa saba, gauni lile la kanisani, anaangalia juu, midomo inacheza. Sisi na yeye ilikuwa hatua kama arobaini. Sauti yangu inafika hatua mia, muulize mtu yeyote wa Kariakoo.

Nikavuta pumzi nimwite. Mwalimu akanishika mkono akaubana mpaka pete ikaniumiza.

"Usithubutu."

"Mwalimu, neno moja tu! Nimwambie Felista ndiye chuma!"

"Sikiliza," akasema. "Ukipiga kelele neno la kemia hapa, mbele ya askari, na swali hilo likawemo kwenye karatasi, watasema mtihani umevuja. Watafuta majibu ya kituo kizima. Watu mia mbili. Na Severa hatapata tena hata nafasi ya kurudia. Wewe na mimi tutalala ndani."

"Na nisipopiga kelele?"

Askari alikuwa ameshatuona. Akaja taratibu mpaka kwenye nondo akauliza, "Nyie mna shida gani?" Mwalimu akasema hakuna shida afande, tumemsindikiza ndugu. Askari akaangalia ile karatasi mkononi mwake. Mwalimu akaikunja polepole, akaitia mfukoni. Askari akasema, "Sogeeni huko, ng'ambo ya barabara."

Tukasogea. Severa akaingia mlangoni. Hakutuona.

Kwa saa tatu nzima tulikaa kwenye benchi la mama mmoja anayeuza maandazi. Sijawahi kuogopa vile, hata siku baba yangu alipopelekwa hospitali. Siku ile niliogopa jambo lisilo langu. Hii ilikuwa ni kazi ya mikono yangu, mara thelathini. Nilijiambia labda swali halitakuja. Nilijiambia labda ataikumbuka ile ya Kiingereza. Nilimwomba Mungu kwa majina yote ninayoyajua. Mwalimu hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Aliuliza tu mara moja, "Wote thelathini walichukua?" Nikasema ishirini na nane.

Walipotoka, Severa alituona akaja mbio. Alikuwa anacheka! Akanikumbatia mimi kwanza, kabla ya mwalimu wake.

"Dada Trupti! Limekuja! Swali la metali limekuja, zima, sehemu zote! Wametia msumari wa chuma kwenye mchanganyiko wa salfeti ya shaba, wanauliza utaona nini. Wenzangu wanahangaika, mimi nikaimba kimoyomoyo. Halafu chuma! Nikaandika hakuna kitakachotokea, chuma ni kipole. Na kwenye asidi nikaandika chuma hakitoi gesi. Nimemaliza kabla ya muda!"

Nilisimama na mikono yake shingoni mwangu. Hata mimi nisiyesoma kemia nilishafundishwa pale kwenye benchi asubuhi ile ile kwamba msumari ule hunyang'anya nafasi ya shaba, hupakwa shaba nyekundu juu yake, na rangi ya bluu ya maji hufifia. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini wengine walikuwa wameshakuja, saba, wanane, wametuzunguka, mmoja kijana mwenye mwili mkubwa, Zakayo, dalali wa Buguruni, na wote wana ile karatasi yangu kichwani. Niliwaogopa. Niliogopa macho yao, niliogopa duka langu, niliogopa kusikia tena Muhindi na Kiswahili wapi na wapi.

Mwalimu Rogath akanitazama. Akasubiri kidogo, kiasi cha mtu kumeza mate. Kisha akawageukia.

"Sikilizeni," akasema. "Sentensi ya metali ilikuwa na kosa. Nimekosea mimi. Mahali pa chuma ni kwa Felista. Naombeni mnisamehe."

Sikumbuki wote walichosema. Zakayo alimkaba kola. Wengine walimwita tapeli. Severa uso wake ulizima tu, akakaa chini kwenye kona ya barabara na gauni lake jeupe, akaweka kalamu mbili kwenye mapaja akawa anaziangalia. Na mimi, mdomo mpana wa Kariakoo nzima, nilikaa kimya.

Matokeo yalitoka Januari. Severa, kemia, F. Inatoka herufi tu, hawakuambii alama, kwa hiyo hakuna atakayejua kama ni lile swali peke yake au na mengine. Hilo nimelitafuna miezi na miezi, halimezeki. Habari za Mwalimu zilisambaa mpaka Temeke. Ngazi zikawa hazina makelele. Mwezi wa tatu akarudisha chumba, akanishukuru kwa chai za miaka yote, akahamia Kigamboni anakofundisha watoto watatu wanne sebuleni. Sikumwambia kitu siku hiyo pia. Nilimsaidia kushusha ubao. Muoga hufa mara nyingi, na mimi nilikufa pale kwenye ngazi na ubao mkononi.

Wiki iliyopita Severa akaingia dukani. Mwaka na zaidi sikuwa nimemwona, alikuwa anapitia mtaa wa nyuma. Nilipomwona mlangoni nikashika kaunta. Akasalimia vizuri, shikamoo kama zamani. Akaweka picha mbili za pasipoti na namba ya kumbukumbu. Anataka nimjazie usajili wa mtihani, mara ya nne. Mume ameondoka, akasema, kwa hiyo hana tena wa kumkataza.

Nikafungua kompyuta. Nikaandika jina lake. Vidole vikagoma. Nikasikia sauti yangu inatoka bila ruhusa:

"Severa, lile neno ni mimi. Mwalimu aliandika chukua. Mimi ndiye niliyebadilisha, yeye akabeba."

Sikuthubutu kuinua macho. Niliona mikono yake tu juu ya kaunta, mikono ya sabuni na mashuka, haikutikisika.

"Najua," akasema.

"Nani alikwambia?"

"Hakuna. Nilipofika nyumbani siku ile nikaisoma tena. Mwalimu ni Mchagga wa Rombo, mimi ni wa Machame. Kwetu mgomba hauchumwi, dada Trupti. Mkungu unakatwa, kwa panga. Hakuna Mchagga duniani angeandika hivyo." Akazisogeza zile picha karibu yangu. "Nilikuwa nangoja useme, angalau kabla hajahama. Nilikuwa napita mtaa wa nyuma kusikiliza kama umesema."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza, na wala hakunitukana. Akageuza ile skrini imtazame yeye, akaanza kusoma nilichoandika, herufi moja baada ya nyingine, kidole kwenye kioo.